Dabi ya Kariakoo: watani tunalala nyumba moja, sasa farasi na FFU wote wale wa nini?

Mgeni_wa_Jiji
Wakuu habari za jioni. Mimi nimehamia Dar kutoka Songea mwaka jana, mechi za Kwa Mkapa nimeshaenda kama nne hivi za kawaida, unaingia, unakaa, unakula karanga, unatoka. Sasa dabi inayokuja nataka nimpeleke mdogo wangu, tatizo kila nikimwambia mtu ofisini ananiangalia kama nimesema naenda vitani. Ooh wahi asubuhi, ooh usibebe hata chupa ya maji, kutakuwa na farasi, kutakuwa na mbwa.

Swali langu ni hili. Simba na Yanga hawatoki miji tofauti, si kabila hili na lile, si dini hii na ile. Nyumba niliyopanga baba mwenye nyumba ni Yanga, mkewe ni Simba, na wanakula sahani moja. Sasa moto wote ule unatoka wapi? Na hao polisi wanajiandaa dhidi ya nini hasa? Anayejua aseme, ila anayejua kweli, sio zile za "mpira ni hisia" 😂

Chapa_Tano
Utapigwa mkono tena ndio utajua moto unatoka wapi

Mama_Zai_Mbagala
Tiketi wahi kaka, mzunguko huwa inaisha mapema. Uwe na N-Card yako imeshawekwa hela, usisubiri kununua pale nje utalanguliwa.

Mgeni_wa_Jiji
Dada ahsante lakini sijauliza tiketi 😄 kadi ninayo.

Mama_Zai_Mbagala
Haya mie nimesoma juu juu. Lakini wahi tu.

Mzee_wa_Keko
Kijana umeuliza swali zuri na jibu lake umeliandika mwenyewe bila kujua. Moto unatoka kwenye hiyo hiyo sahani moja.

Angalia ilivyoanza. Yanga ni 1935. Mwaka uliofuata, 1936, watu wakajitoa kule kule wakaanzisha yao, ikaitwa Queens, ikapita majina mengine hadi Sunderland, halafu 1971 ndio ikawa Simba. Kwahiyo hii sio timu ya mtaa wa mbali, ni ndugu waliogawana nyumba. Mmoja kabaki Jangwani mwingine yuko Msimbazi, na toka ofisi moja mpaka nyingine unatembea kwa mguu jasho halijakutoka. Wanatumia uwanja mmoja, wanagombania wachezaji wale wale, na nchi nzima imegawanyika humo humo kuanzia Bukoba hadi Mtwara.

Sasa kwenye mechi ya kawaida ukifungwa, aliyekufunga anapanda basi anarudi kwao Mbeya au Tanga. Dabi ukifungwa, aliyekufunga unaamka naye. Yupo dukani, yupo kwenye daladala, yupo kitandani kwako. Zile sita bila za 1977 mpaka leo kuna wazee wa Yanga hawataki zitajwe, na ni karibu miaka hamsini. Tano bila za 2012 hivyo hivyo. Tano moja ya Novemba 2023 nayo watu wa Simba wataisikia mpaka wazeeke.

Na hilo deni halikai kwa mashabiki tu, linapanda juu kwa viongozi. Ile tano moja ilichezwa tarehe 5 Novemba, tarehe 7 Robertinho, kocha wa Simba, hana kazi. Siku mbili! Kiongozi anayejua kipigo kimoja kinaweza kumng'oa yeye na kocha wake, wiki ya dabi halali, na kiongozi asiyelala anafanya mambo ya ajabu. Hapo ndipo kazi ya polisi inapoanzia. Nitarudi, naitwa.

Jogoo_wa_Nairobi
Wabongo mko sawa, huku kwetu iko different kidogo. Sisi tuko na Mashemeji dabi, Gor na Leopards, na hapo mambo ya ukoo iko ndani, ndio maana inaitwa mashemeji, Waluo na Waluhya wanaoana sana. Lakini nikuambie kitu, watu husema ati dabi ni hatari juu mafans watapigana. Mimi nilikuwa Nyayo 2010, Oktoba, ile siku watu saba walikufa. Hakuna mtu alipigwa na fan wa ile timu ingine. Watu walifinyana kwa geti. Nilikuwa nimeingia mapema na sikujua kitu, niko tu hapo ndani naimba, mpaka half time ndio simu zikaanza, mamangu analia ananiuliza niko wapi. Tangu hiyo siku mimi nikiona geti moja imefunguliwa na watu ni wengi, narudi nyumbani naangalia na TV.

Mgeni_wa_Jiji
Pole sana ndugu. Hii sikuwahi kuisikia.

Mwananchi_Damu
Mnazunguka sana. Polisi kazi yao inajulikana, wakiona usalama mdogo wanaahirisha mechi. Ile ya Machi 8, 2025 si waliahirisha polisi baada ya fujo za getini? Na walifanya hivyo kwasababu watani walikuwa wanaogopa kipigo, mwisho wa siku Juni tukawapiga mbili bila kombe likabaki Jangwani.

Mnyama_Halisi
@Mwananchi_Damu acha uongo. Aliyeahirisha ni Bodi ya Ligi, polisi hawakuahirisha kitu. Na hizo fujo za getini walifanya akina nani? Sema basi.

Mzee_wa_Keko
Nimerudi. Tuliweke hili sawa kwanza maana ndio mfano mzuri kuliko yote wa alichouliza kijana, na humu ndani watu wanauchanganya.

Mwananchi umepata nusu. Ile ya amri kutoka juu unayoifikiria nadhani ni ya 8 Mei 2021. Mechi ilikuwa saa 11 jioni, siku yenyewe ya mechi ikatoka taarifa kwamba imesogezwa hadi saa 1 usiku, na TFF ikasema maelekezo yametoka wizarani. Yanga wakasema sisi ratiba yetu ni saa 11, wakaja saa 11, wakapasha, wakaondoka. Simba wakaja kwa muda mpya. Watu wamejaa uwanjani, mpira hakuna. Ikaja kuchezwa Julai 3, Yanga wakashinda moja kwa goli la Zawadi Mauya.

Sasa ya 2025 ni nyingine kabisa. Mechi ilipangwa Jumamosi Machi 8, saa 1:15 usiku, Yanga mwenyeji. Kanuni za ligi, ile ya 17 kifungu cha 45, zinampa timu mgeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi japo mara moja kabla ya siku ya mchezo, kwa muda ule ule mechi itakaochezwa. Kwahiyo Ijumaa usiku basi la Simba likaja Kwa Mkapa. Getini wakakuta makomandoo wa Yanga, wale mabaunsa wa klabu, wakawazuia. Basi likakaa nje muda mrefu, halikuingia, likageuza. Usiku ule ule Simba wakatoa taarifa kwamba kesho hatuchezi, kanuni imevunjwa. Jumamosi Bodi ikaahirisha. Yanga wakaja uwanjani na timu yao kama kawaida, wakasema sisi tupo, mpinzani hajaja, tupeni pointi zetu.

Na hapo kulikuwa na watu wameshatoka mikoani na mabasi, wengine wamelala Temeke kwenye gesti, wengine wako tayari kwenye foleni.

Kijana ona hapo: hakuna shabiki hata mmoja aliyerusha jiwe. Mechi kubwa kuliko zote nchini imekufa kwasababu ya geti moja, basi moja, na watu wachache wenye misuli usiku wa kuamkia mechi.

Mwananchi_Damu
Sawa Bodi, nakubali. Lakini Mzee sema yote, Simba waliwataarifu wahusika kwamba wanakuja usiku ule? Huwezi kuja na basi usiku bila kutoa taarifa kwa kamishna wa mechi na watu wa uwanja halafu utegemee ufunguliwe kama unaingia kwako. Sisi tulikuwa wenyeji.

Mnyama_Halisi
Haki ya kikanuni haiombwi. Na hata kama hatukutoa taarifa, tangu lini baunsa wa klabu ndio mwenye funguo za uwanja wa serikali??

Mwananchi_Damu
Ndio maana mkakimbia.

Mnyama_Halisi
Na nyie mkakimbilia mahakama ya michezo CAS mkaambiwa mrudi nyumbani mmalizane huko kwanza 😂😂

Mzee_wa_Keko
Nyie wawili hamtamaliza na sitawaamulia. Hoja ya taarifa Bodi yenyewe iliigusa, na hoja ya baunsa nayo iliigusa, kila upande ukachukua kipande kinachomfaa. Mimi niliyefanya kazi ya kujitolea pale getini miaka mingi kidogo, nikiwa na kizibao cha njano na filimbi, naona tatizo liko kwingine. Liko kwenye swali, usiku ule uwanja ulikuwa mikononi mwa nani?

Siku ya mechi jibu liko wazi. Asubuhi kunakuwa na kikao cha maandalizi. Wanakaa kamishna wa mchezo, waamuzi, mratibu, wawakilishi wa klabu zote mbili, meneja wa uwanja, afisa usalama, polisi, zimamoto, watu wa huduma ya kwanza. Pale ndipo mnakubaliana jezi, nani anafika saa ngapi, basi gani linapita njia ipi na geti lipi, nani anaanza kupasha, mashabiki wa nani wanatolewaje. Kwenye dabi kikao hicho kina maneno sana maana kila kitu ni tuhuma. Ukisema timu A itaingia kwanza, timu B inauliza kwanini. Ukisema chumba hiki, wanauliza jana kililala na nani.

Lakini usiku wa kuamkia mechi hakuna kikao, askari hawajapangwa bado, kamishna yuko hotelini. Pale ndipo klabu zinapopeleka "walinzi" wao kulinda uwanja. Kulinda nini, mnajua wenyewe.

Bi_Mkora
Mzee malizia, kulinda nini 👀

Chapa_Tano
ndumba

Mzee_wa_Keko
Nimesema mnajua wenyewe. Mimi sijasema kama zinafanya kazi au hazifanyi. Ninachojua zinafanya kazi kwenye ratiba. Timu inakataa kupita geti rasmi, inakataa kuingia chumba cha kubadilishia inasema kimepuliziwa kitu, wachezaji wanabadilisha nguo kwenye basi au pembeni ya uwanja. Kamati ya Bodi inapiga faini kila msimu, wanalipa, msimu ujao wanarudia. Na kila timu inaposhuka mahali ambapo haikupangwa, watu wa usalama inabidi wahame wafuate, na geti walilokuwepo linabaki na watu wachache. Mtu wa mzunguko hajui kwamba foleni yake imesimama kwasababu huko upande wa pili kuna basi linabishana kuhusu mlango.

Mgeni_wa_Jiji
Duh. Kwahiyo polisi wanajiandaa zaidi dhidi ya klabu kuliko mashabiki??

Afande_Mstaafu
Hapana, hapo Mzee amekupeleka upande mmoja. Nimevaa gwanda miaka mingi, sio Dar tu. Naomba niseme kidogo tunavyoona sisi.

Ulaya dabi unawatenga watu kuanzia barabarani, timu hii inashuka stesheni ile, timu ile inasindikizwa na askari mpaka uwanjani. Hapa kwetu huwezi. Utawatenga vipi watu waliokuja na daladala moja kutoka Gongo la Mboto, mmoja jezi nyekundu mmoja njano, na ni mtu na shemeji yake? Wanashuka wote, wanatembea wote wanataniana, wanatengana wakifika jukwaani tu. Na hilo ni jambo zuri, utani wetu ni ulinzi mkubwa kuliko farasi. Kwahiyo mipango haipangwi kwa kufikiria makundi mawili yatakayopambana mtaani. Inapangwa kwa mambo matatu hivi ninayoyakumbuka, moja ni msongamano wa nje, pili ni dakika ile mwamuzi anapofanya uamuzi wenye utata, tatu ni kutoka, hasa mechi ya usiku, vibaka wanapata sikukuu.

Msongamano ndio mkubwa. Uwanja unaingiza watu 60,000, lakini kwenye dabi wanaokuja Temeke siku ile ni wengi kuliko hao, maana kuna wasio na tiketi wanaokuja kujaribu bahati. Ndio sababu mnaona barabara zinazozunguka uwanja zinafungwa mapema na gari haliingii bila stika. Watu wanalalamika kwamba ni kwa ajili ya wakubwa. Kuna ukweli kidogo humo 😅 lakini sababu kubwa ni kupata nafasi tupu, ili watu wachujwe mbali na geti. Asiye na tiketi akigunduliwa kule barabarani anageuka anarudi, nyuma yake kuna nafasi. Akigunduliwa pale kwenye mashine ya kuskani kadi hawezi kugeuka hata akitaka, nyuma yake kuna watu elfu mbili wanasukuma na hawajui kama mbele pamesimama. Yule wa nyuma anadhani foleni inatembea, yeye anasogea hatua moja tu, na hatua moja mara watu elfu mbili inavunja mbavu za wa mbele.

Jogoo_wa_Nairobi
Hiyo ndio ilifanyika Nyayo exactly.

Afande_Mstaafu
Na hapa hapa kwetu. Mei 28, 2023, fainali ya Yanga na USM Alger, mtu mmoja alifariki na wengine kama thelathini wakaumia, na ile haikuwa dabi, wote walikuwa upande mmoja. Na pale jirani, uwanja wa Uhuru, Machi 2021 watu walipokuja kumuaga Hayati Magufuli, walikufa 45. Hakukuwa na mpira wala utani siku ile. Umati ukibanana hauulizi jezi.

Ndio maana farasi wanakuwepo. Watu wanadhani farasi ni wa kutisha. Farasi ni mrefu, askari akiwa juu yake anaona mbali, anaona umati unapoanza kuyumba kama mawimbi, kitu ambacho mwenye kusimama chini hakioni. Na farasi akitembea taratibu watu wanampisha bila kupigwa.

Bi_Mkora
Afande na mabomu ya machozi je? Maana mimi hayo ndio naogopa kuliko msongamano.

Afande_Mstaafu
Umenigusa pabaya lakini nitajibu. Ndani ya uwanja hayatakiwi, kanuni za usalama za FIFA zinakataza kabisa gesi na silaha za moto. Sababu yake waulize Indonesia, Oktoba 2022, uwanja wa Kanjuruhan, nayo ilikuwa dabi, Arema na Persebaya. Mashabiki wa ugenini walizuiwa hata kuja, kwahiyo hakukuwa na wa kupigana naye. Wenyeji walipofungwa wakaingia uwanjani, gesi ikapigwa hadi majukwaani, watu wakakimbilia milango ambayo ilikuwa miembamba na mingine haikufunguliwa vizuri. 135 walikufa. Gesi inamwambia mtu ondoka hapo, sasa kama hana pa kuondokea umemwambia afe.

Kwahiyo mimi nilikuwa nawaambia vijana, kabla ya kufikiria kingine chochote, nani ana funguo za milango ya kutokea na yuko wapi saa hii. Akijibu "sijui, ngoja niulize", hatuko tayari.

Mpiga_Debe_wa_Temeke
Hamjaongelea sisi tunaofanya biashara. Mimi nauza vuvuzela na vitambaa, siku ya dabi nanunua mzigo wa laki tatu, nusu nyekundu nusu njano na kijani. Ile Machi 8 niliwekeza zaidi maana ilikuwa mechi ya usiku na watu wengi wametoka mikoani. Mechi ikafutwa mchana, mzigo nikarudi nao nyumbani. Faini wanapigwa klabu kwenda kwa Bodi, mie nani ananilipa? Hata sijui nimlaumu nani, kila ninayemuuliza ananijibu kulingana na jezi aliyovaa

Mama_Zai_Mbagala
Pole kaka. Na wale waliotoka Mwanza na Kigoma je. Mtu kakopa nauli.

Msomi_wa_Chang'ombe
Niongeze hapo kwa Afande kwenye suala la mwamuzi. Mimi nakaa karibu na DUCE, kelele za uwanja nazisikia kitandani, na kuna sauti moja ukishaizoea unaijua, ile nusu ya uwanja inapiga mluzi bila kuacha. Oktoba 1, 2016 niliisikia. Tambwe wa Yanga alifunga, Simba wanasema kashika mpira kwa mkono, mwamuzi Saanya akakubali goli, wachezaji wakamzonga, Mkude akapewa nyekundu. Dakika zile ndio viti vikang'olewa. Baadae Kichuya akasawazisha kwa kona iliyoingia moja kwa moja, moja moja, lakini viti vishang'oka. Serikali ikazizuia klabu zote mbili kuutumia uwanja ule kwa muda.

Ninachotaka kusema, ile hasira haikuja sababu ya goli. Ilikuja sababu watu walishaamini kabla ya mechi kwamba mwamuzi kanunuliwa. Kwenye dabi jina la mwamuzi likitoka tu, siku hiyo hiyo mtandaoni watu wanatafuta picha zake za zamani kuona kavaa rangi gani. Ndio maana ile ya Juni 25, 2025 wakaleta waamuzi Wamisri. Mechi ya mwisho ya ligi, Yanga ana 79, Simba ana 78, anayeshinda anabeba. Fikiria angechezesha Mtanzania pale.

Mnyama_Halisi
Hata Mmisri aliwapa penati ya mashaka

Mwananchi_Damu
😂😂😂 hata angeshuka malaika mngesema ana jezi ya njano ndani

Msomi_wa_Chang'ombe
Mnaona? Lakini mlilalamika mkaenda kulala. Hamkung'oa viti. Kwangu hiyo ndio tofauti ya mgeni na mwenyeji, sio kwamba Mmisri anajua sheria zaidi.

Mzee_wa_Keko
Hapo sikubaliani moja kwa moja. Viti vya 2024 vile zaidi ya mia mbili vya Simba na Sfaxien, mwamuzi alikuwa mgeni, mpinzani mgeni, na vikang'oka vile vile, CAF ikawafungia Simba mashabiki kwenye mechi ya Constantine. Mimi nadhani Juni kulikuwa na utulivu sababu ya miezi mitatu ya maneno, watu walishachoka, na kila kiongozi alijua macho ya nchi yako kwake. Usiku wa kuamkia ile mechi hukusikia basi kuzuiwa popote. Wangefanya hivyo Machi tusingekuwa na uzi huu.

Msomi_wa_Chang'ombe
Inawezekana Mzee. Lakini nani alizuia makomandoo Juni, klabu yenyewe au polisi?

Mzee_wa_Keko
Hilo ndilo ningependa Afande ajibu.

Afande_Mstaafu
Nilishastaafu 😄

Bi_Mkora
Afande kakimbia kama Machi 8 🤣🤣

Mgeni_wa_Jiji
Nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Sasa nipeni la kufanya. Mimi ni Yanga, mdogo wangu ana miaka 14 na ni Simba lialia. Tunakaa wapi? Na saa ngapi?

Mama_Zai_Mbagala
SI NILIKWAMBIA UWAHI

Afande_Mstaafu
Ukiwa na mtoto fika geti zikishafunguliwa tu, hata kama ni masaa manne ya jua, beba kofia. Watu wengi wanakuja saa ya mwisho na ndio saa mbaya. Ukifika ukakuta mikono yako imebanwa huwezi kuinyanyua kifuani, au unasogea bila kupiga hatua, usisubiri mbele pafunguke, toka kwa pembeni, mshazari, usirudi nyuma moja kwa moja maana unapambana na wote. Mtoto awe mbele yako sio nyuma unamvuta mkono. Na kabla hamjakaa mwonyeshe mlango wa kutokea ulio karibu, sio ule mlioingilia tu. Mkubaliane pa kukutana mkipotezana, mtandao wa simu siku ile unaelemewa.

Mzee_wa_Keko
Kukaa, kaeni upande wa kwake. Wewe mtu mzima unaweza kuficha furaha, yeye hawezi. Wewe usivae jezi, vaa shati la kawaida. Yanga wakifunga, kohoa.

Mwananchi_Damu
Mzee unamfundisha mtu kuasi 😂 aende upande wetu, mtoto avae koti juu ya jezi

Mgeni_wa_Jiji
Nimemuuliza hapa. Koti kakataa. Amesema yuko tayari kuniruhusu nikohoe mara moja tu.